Ratiba ya Geini Isiyojua Maji Yametoka Wapi

Katika kiwanda kimoja cha maziwa nilichowahi kuhudumia, tangi la kusawazisha pH ya maji machafu lilifanya kazi bila tatizo kiangazi chote, kisha masika yalipoingia likaanza kuyumba. Fundi wa zamu alinionyesha chati: pH ilipanda hadi karibu 10, ikashuka hadi karibu 4, ikapanda tena, kila mzunguko ukichukua dakika tano au sita, huku pampu ya kostiki na pampu ya asidi zikipokezana kana kwamba zinashindana. Hakuna aliyekuwa amegusa kidhibiti. Ratiba yake ya geini ilikuwa imeandaliwa kwa uangalifu mwezi Agosti, na ilikuwa bado vilevile. Kilichobadilika ni maji yenyewe, kwa sababu kiangazi kiwanda kilisafisha mitambo kwa maji ya kisima, na mvua ziliponyesha kikahamia maji ya mto.

Fundi alifanya jambo la busara, akakiweka kidhibiti kwenye mkono na kuendesha dozi mwenyewe kwa macho. Lakini swali lilibaki: kwa nini ratiba iliyotengenezwa mahsusi kwa mtambo unaobadilika tabia ilishindwa pale tu tabia ilipobadilika? Jibu langu ni kwamba ratiba ile ilikuwa inaangalia kitu kisichofaa. Ilisoma pH peke yake, na pH haielezi ni kitu gani kilichomo ndani ya maji.

Geini ya kidhibiti ni kipimo cha ukali wa jibu lake: kwa kosa la kiasi fulani, vali ifunguliwe kwa kiasi gani. Mtambo nao una geini yake, yaani kiasi ambacho pH husogea dozi inapoongezwa kwa lita moja kwa saa. Mzunguko wa udhibiti hutulia pale zao la geini hizo mbili linapobaki karibu na thamani iliyokusudiwa. Geini ya mtambo ikipanda mara mia na ya kidhibiti isiguswe, mfumo huyumba. Ikishuka mara mia, mfumo husinzia. Ratiba ya geini ni mpango wa kubadilisha geini ya kidhibiti kadiri hali ya mtambo inavyobadilika, ili zao hilo libaki palepale.

Ugumu wa pH unaanzia kwenye kipimo chenyewe. Mkemia wa Denmaki, Sørensen, alipokitambulisha mwaka 1909 akiwa katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alitumia logi ili mikolezo midogo sana ya ayoni za hidrojeni iandikike kwa tarakimu fupi. Kwa mkemia ni wepesi mkubwa, lakini kwa mwenye kudhibiti dozi maana yake ni kwamba hatua moja ya pH haina ukubwa mmoja. Kutoka 2 hadi 3 unaondoa asidi mara elfu moja zaidi ya ile unayoondoa kutoka 5 hadi 6, ingawa kwenye chati hatua zote mbili zina urefu uleule.

Tuchukue tangi la lita 2,000 linalopokea lita 6,000 kwa saa za maji yenye asidi nitriki, pH yake ikiwa 2. Maji hayo yana asidi ya moli 0.01 katika kila lita, kwa hiyo moli 60 zinaingia kila saa. Tukitumia kostiki ya moli 1 kwa lita, tunahitaji lita 60 kwa saa kuifikisha pH kwenye 7. Maji yakiwa hayana kitu kingine chochote ndani yake, hesabu inaonyesha kwamba pH ikiwa 4, kila nyongeza ya lita moja kwa saa ya kostiki inaisukuma kwa mwendo wa takriban 0.7. Ikiwa 7, mwinuko wa mkunjo wa titresheni, yaani mchoro wa pH dhidi ya kostiki iliyotiwa, ni mkubwa mara 500 kuliko ule wa 4. Nyongeza ya mililita 10 kwa saa, katika dozi ya mililita 60,000, inatosha kuipeleka pH kutoka 7 hadi 8.2.

Hapo ndipo mhandisi anapofikiria ratiba. Anagawa kipimo cha pH katika vipande, anapima mwinuko katika kila kipande, kisha anaandika jedwali ambalo geini ya kidhibiti ni kinyume cha mwinuko huo: kubwa kwenye 4, ndogo mara 500 kwenye 7. Wazo hili linaonekana sahihi, nami niliwahi kuliamini bila kuuliza. Lakini lina kosa ambalo halionekani mpaka ulifanyie hesabu.

Chukua pH iliyoko 4, na lengo likiwa 7. Kosa ni 3. Jedwali linagawanya 3 kwa mwinuko wa mahali tulipo, na jibu linakuwa kwamba tunapungukiwa na lita 4.2 kwa saa za kostiki. Ukweli ni kwamba tunapungukiwa na lita 0.6 tu, kwa kuwa mwinuko haubaki uleule njiani. Kadiri tunavyokaribia 7 unakuwa mkali zaidi. Jedwali limeona upungufu mara saba ya ule uliopo. Kama dozi hiyo ingetiwa yote na kuachwa hivyo, pH ingepita lengo na kutulia karibu na 10.8. Ndiyo maana mifumo mingi yenye ratiba ya aina hii hulivuka lengo kila inapotoka mbali, na mafundi huishia kupunguza geini zote kwa mkono mpaka ratiba inakuwa haina maana tena.

Kinachotakiwa ni mwinuko wa mstari unaounganisha mahali ulipo na mahali unapokwenda, na mwinuko wa mahali ulipo pekee hautoshi. Na ukishafika hapo, unagundua kwamba jedwali lenyewe halihitajiki. Ukiibadilisha pH iliyopimwa kuwa kiasi cha asidi au besi inayozidi, na lengo nalo ukalibadilisha hivyohivyo, kosa linakuwa katika kipimo ambacho dozi hukisukuma kwa mstari ulionyooka. Kiasi hicho tukiite `x`. Kwa maji yenye bafa moja ya kaboneti, yaani kemikali inayoizuia pH isisogee kwa urahisi, ambayo mkolezo wake wote ni `C`, chini ya pH ya 9 hivi inatosha kuandika:

```
x(pH) = 10^(pH-14) - 10^(-pH) + C*Ka/(Ka + 10^(-pH))
ex = x(lengo) - x(pH)
I  = I + K*ex*dt/Ti
u  = K*ex + I
```

Hapa `u` ni dozi inayoamriwa, `I` ni sehemu yake inayokusanya kosa kadiri muda unavyopita, `dt` ni muda kati ya hesabu moja na inayofuata, na `Ti` ni muda unaoamua kasi ya ukusanyaji huo. `Ka` ni 10 kwa kipeo cha hasi 6.35, na `K`, geini ya kidhibiti, haibadiliki, kwa sababu ratiba yote imehamia ndani ya `x`. Kwa tangi letu, ikiwa kemikali inachelewa dakika moja kabla elektrodi haijaiona, `K` ya lita 30,000 kwa saa kwa kila moli kwa lita ni mahali pazuri pa kuanzia. Angalia pia kwamba `K` imezidishwa ndani ya `I`. Wapo wanaokusanya kosa kwanza, kisha wakazidisha jumla yote kwa geini iliyotoka kwenye jedwali. Kwao, kila jedwali linapohama kipande, jumla ya kosa la saa nzima huzidishwa kwa namba mpya kwa ghafla, na vali huruka ingawa pH haijasogea hata kidogo. Ukiona mruko wa vali usio na sababu kwenye chati ya pH, pekua hapo kwanza.

Njia hii ina udhaifu wake, nao uko mbali na 7. Kwenye pH ya 2, elektrodi ikikosea kwa 0.05 tu, `x` hukosea kwa zaidi ya moli 0.001 kwa lita, na kwa `K` tuliyoichagua vali itaruka kwa lita 35 kwa saa. Kwa hiyo kosa linaloingia kwenye hesabu lazima liwekewe dari. Mimi hupendelea dari isiyoruhusu sehemu ya kwanza ya `u` kusogea zaidi ya sehemu ya kumi ya dozi ya kawaida, na kazi ya kufuata mabadiliko makubwa ya asidi naiachia mita ya mtiririko wa maji yanayoingia.

Sasa tuje kwenye `C`, kwani ndiyo iliyotuyumbisha kule kiwandani. Maji ya visima, hasa ya maeneo ya Bonde la Ufa, mara nyingi hubeba bikaboneti nyingi. Bikaboneti ni bafa: inapokea asidi na kuirudisha bila pH kusogea sana, kwa nguvu zaidi karibu na 6.35. Maji ya mto yaliyotokana na mvua mpya huwa nayo kidogo mno. Elektrodi haiwezi kuyatofautisha. Maji ya kisima yenye pH ya 7 na maji ya mto yenye pH ya 7 huonekana kwenye kioo cha kidhibiti kwa tarakimu ileile.

Weka kaboneti ya milimoli moja tu kwa lita katika tangi letu, kiasi ambacho si kikubwa hata kidogo, kisha rudia hesabu. Kwenye pH ya 7, lita moja kwa saa ya kostiki sasa inasogeza pH kwa mwendo wa takriban 0.5. Mwinuko umepungua mara 750 hivi ukilinganisha na maji yasiyo na bafa, na umekuwa mdogo kuliko ule wa pH ya 4. Mahali penye ukali pamehama pia: pa kwanza ni karibu na 4.7, na pa pili, pakali zaidi, ni karibu na 8.3. Kwa hiyo umbo lenyewe la mkunjo limegeuka. Halikukua wala kupungua kwa kiasi kimoja ambacho mtu angekirekebisha kwa kuzungusha kitufe kimoja. Kanuni za ubora wa maji za Kenya za mwaka 2006 zilitaka maji machafu yanayomwagwa kwenye mazingira yasiyo ya bahari yawe kati ya pH ya 6.5 na 8.5, na ule ukali wa 8.3 uko ndani ya mipaka hiyo, pembeni kabisa, mahali ambapo mtu anayelenga 8 ili kuokoa asidi atajikuta ameukanyaga.

Jedwali la Agosti lilipimwa kwenye maji ya kisima. Liliona mwinuko mpole kwenye 7, likaweka geini kubwa. Maji ya mto yalipofika, geini hiyo ilikuwa kubwa mara makumi kupita kiasi. Mtu angetegemea mfumo ulipuke, lakini mizunguko ya pH hailipuki. Kuyumba kunakua mpaka pH inapofika sehemu bapa za mkunjo, huko 4 na 10, ambako mtambo hauitikii sana, na hapo kunatulia katika kimo kimoja na kubaki. Kwa sababu hiyo mafundi hulizoea tatizo hilo, wakaliita tabia ya tangi, huku kiwanda kikinunua kostiki na asidi za kuuana zenyewe kwa zenyewe.

Kosa la upande wa pili ni la kimya zaidi. Ukiandaa ratiba kwa kudhani hakuna bafa, kisha maji yakaja na ile milimoli moja ya kaboneti, basi kwenye pH ya 5.5 kidhibiti kitaona upungufu mdogo mara 200 kuliko uliopo. Hakitayumba. Kitatambaa, na maji yatatoka nje ya mipaka kwa saa nyingi huku chati ikionekana imetulia. Nikilazimika kuchagua, natumia thamani ya chini kabisa ya `C` iliyowahi kupimwa katika kiwanda husika, kwa kuwa mwendo wa pole unaweza kusaidiwa na tangi la kukusanyia maji kabla ya dozi, na kuyumba hakusaidiwi na chochote. Lakini kudhani `C` ni sifuri, eti kwa usalama, si usalama.

Nadhani asili ya kosa hili ni kwamba ratiba ya geini tumeirithi kutoka kwenye ndege bila kurithi masharti yake. Katika ndege, geini za usukani hufuata kasi na kimo, vitu vinavyopimwa kwa vyombo vyao na ambavyo ndivyo sababu ya mabawa kuitikia kwa nguvu zaidi au pungufu. Wataalamu wa udhibiti Jeff Shamma na Michael Athans waliandika mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwamba kigezo kinachoongoza ratiba kinapaswa kubadilika polepole na kibebe kile hasa kinachoufanya mtambo ubadilike tabia. Jedwali linaloongozwa na pH iliyopimwa linavunja yote mawili. pH ni tokeo lenyewe tunalolidhibiti, hubadilika kwa kasi ileile ya kosa, na haibebi habari ya bafa.

Kigezo kinachofaa kipo, na mara nyingi hakihitaji chombo kipya. Kiwanda kinajua ni vali gani ya maji iliyofunguliwa, ya kisima au ya mto. Kinajua pia ni mtambo gani unaosafishwa na kwa sabuni gani, jambo ambalo lina uzito wake, kwani sabuni zenye fosfati huleta bafa nyingine karibu na 7.2, na mabaki ya maziwa nayo yana bafa yake; hapo kipengele kimoja cha kaboneti hakitoshi, na mkunjo uliopimwa kwa titresheni ya maji hayohayo ni bora kuliko fomula yoyote. Habari hizi hubadilika mara chache kwa siku, nazo ndizo sababu. Kila chanzo kikipewa mkunjo wake, kidhibiti kikabadilisha mkunjo chanzo kinapobadilika, ratiba inakuwa inafuata kilichosababisha badala ya kufuata dalili. Tahadhari moja tu: kabonidioksidi hutoroka maji yenye asidi yakikorogwa sana au yakipuliziwa hewa, kwa hiyo mkunjo uliopimwa kwenye sampuli iliyokaa wazi mezani tangu asubuhi hauyahusu tena maji yaliyomo tangini.

Upo mpaka ambao ratiba yoyote, hata iliyo kamilifu, haiuvuki. Katika tangi letu lisilo na bafa, nafasi yote iliyopo kati ya 6.5 na 8.5 ni sawa na mililita 21 kwa saa katika lita 60, yaani sehemu moja katika 2,900 hivi. Vali ya kawaida hung'ang'ania kidogo kabla ya kusogea, na hatua yake ndogo kabisa mara nyingi ni kati ya asilimia 0.5 na asilimia 1 ya mwendo wake wote. Haiwezi kusimama ndani ya nafasi hiyo, hata ukiiongoza vipi. Ikiwa na bafa ya milimoli moja, nafasi hiyo inapanuka hadi lita 2.5 kwa saa, na vali hiyohiyo inatosha. Kwa maji yasiyo na bafa dawa ni matangi mawili au matatu mfululizo, la kwanza likifanya kazi kubwa kwa vali kubwa na la mwisho likimalizia kwa pampu ndogo ya dozi. Nimeona muda mwingi ukipotea katika kurekebisha ratiba ya mfumo ambao tatizo lake lilikuwa chuma.

Kuyatofautisha mawili hayo hakuhitaji zaidi ya nusu saa. Punguza geini kwa nusu, na kwa nusu tena ikibidi, na uangalie chati. Kama kuyumba kunafifia na kuisha, geini ndiyo iliyozidi. Kama kimo cha kuyumba kinabaki palepale na mizunguko inakuwa mirefu tu, huku alama ya vali ikichora meno ya msumeno, vali inang'ang'ania, na hakuna jedwali litakaloitibu.

Kule kwenye kiwanda cha maziwa kuyumba kulififia. Tulichota lita moja ya maji ya tangini, tukayashusha kwa asidi hadi pH ya 4.7, kisha tukaanza kuongeza kostiki ya moli 0.1 kwa lita huku fundi akisoma mita, mpaka 8.3. Ujazo unaotumika kati ya namba hizo mbili ni takriban `C` yenyewe: mililita 10 ni milimoli moja. Maji yaliyohifadhiwa kutoka kisimani yalikunywa mililita 19. Ya mto, fundi alihesabu matone kumi na matano, akainua mita kuitazama kama imeharibika, kisha akarudia jaribio lote kwa sampuli mpya.